Sanduku Tatu Zikibaki, Faida Imeenda: Hesabu ya Biashara ya Kufungua Shule

Kuna wiki moja kila Januari ambapo sanduku ya mabati inakuwa kitu ya maana kuliko simu. Mzazi ana barua ya shule mkononi, mtoto anaripoti Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Mzazi huyo habembelezwi anunue. Anatafuta tu mahali pa kununua, na akipata kila kitu hapo kwa hapo, analipa na kuondoka.

Ndiyo maana wasee wengi wanaona biashara ya kufungua shule ni doo ya haraka. Na kweli ni ya haraka. Ngori ni kwamba inaisha haraka vile vile. Jumatano ya wiki inayofuata, hiyo sanduku iliyokuwa inagombaniwa inakuwa chombo kikubwa kinachokula nafasi kwa nyumba yako hadi mwaka ujao. Kwa hivyo swali la maana si "nitauza ngapi?" Ni "nitabaki na nini?" Tupige hiyo hesabu polepole, kuanzia mwanzo.

Kwanza, hakikisha kuna watoto wanaojiunga

Inakaa kama swali la kijinga, lakini si kila Januari ni sawa. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na kidato cha kwanza cha mwisho kikajiunga na shule za upili Januari 2024. Mwaka wa 2025 hakukuwa na Fom Wan Kenya nzima. Watoto wa kwanza wa CBC walikuwa wanaingia Gredi 9, na shule za junia nyingi ziko ndani ya shule za msingi, ambapo mtoto anaenda asubuhi na kurudi jioni. Mtoto wa kutwa hahitaji sanduku, godoro wala ndoo. Msee aliyejaza stoki ya bweni Januari hiyo kwa sababu "kila mwaka huuzika" alikuwa anangojea kastoma ambaye hakuwepo.

Januari 2026 soko likarudi. Gredi 10 ya kwanza ilianza kuripoti tarehe 12 Januari, wiki moja baada ya wanafunzi wengine kurudi shule. Hiyo wiki moja katikati ndiyo moyo wa biashara hii. Wanaorudi wananunua vitu vidogo: sabuni, tishu, malapa, kufuli mpya kwa sababu ile ya zamani ilivunjwa. Wanaojiunga wananunua seti nzima. Hizo ni mawimbi mawili tofauti, na ukichanganya stoki yake unaumia.

Tarehe za mihula hutolewa na wizara mapema. Ziandike ukutani. Muhula wa pili na wa tatu pia zina wimbi, lakini ni la vitu vidogo tu. Mtu akikushauri uweke sanduku 20 za kufungua shule mwezi wa tano, muulize ni nani anajiunga shule mwezi wa tano.

Pata barua kabla ya kupata mzigo

Kila shule hutoa barua ya kujiunga yenye orodha ya vitu. Orodha hizi zinafanana lakini haziko sawa. Shule moja inataka godoro ya futi mbili na nusu kwa sita, nyingine inatoa godoro yenyewe na kuitoza kwa karo. Shule moja inataka beseni na ndoo, nyingine inataka ndoo yenye kifuniko pekee. Zingine zinataja rangi ya blanketi au ya shuka.

Sasa wewe usinunue kwa orodha iliyo kichwani mwako. Mara tu watoto wanapojua shule zao, uliza wazazi wa mtaa wako wakutumie picha za barua. Ukipata kumi, kaa chini na kalamu uhesabu. Kitu kilicho kwa barua zote kumi ni stoki salama. Kitu kilicho kwa barua tatu ni kamari. Kitu kilicho kwa barua moja, huyo mzazi mmoja anaweza kukitafuta mwenyewe.

Hapo pia unajua watoto wa mtaa wako wanaenda wapi. Kama wengi wamepata shule za kutwa karibu na nyumbani, badilisha mpango mapema: wacha sanduku, shika begi, madaftari na chupa za maji.

Hesabu ya Sh40,000

Tuseme una Sh40,000 na unakaa kwa mji mdogo wenye steji ambapo wazazi hupandia magari ya kuenda shuleni. Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa sababu bei ya jumla hubadilika kila msimu. Weka zako, lakini fuata hesabu.

Kwanza toa gharama za kusimama. Umekodisha veranda ya duka la mtu kwa siku 12, Sh300 kwa siku. Hiyo ni Sh3,600. Usafiri wa mzigo kutoka Kamukunji ni Sh1,500. Rangi, brashi na tina ya kuandika majina ni Sh800. Jumla ni Sh5,900, na bado hujanunua hata kijiko.

Halafu mzigo wa kwanza:

Sanduku 8 kwa Sh1,700 ni Sh13,600. Utauza Sh2,300 kila moja.

Ndoo 15 kwa Sh170 ni Sh2,550. Utauza Sh250.

Beseni 15 kwa Sh100 ni Sh1,500. Utauza Sh150.

Kufuli 24 kwa Sh110 ni Sh2,640. Utauza Sh200.

Seti 20 za sahani, kikombe na kijiko kwa Sh130 ni Sh2,600. Utauza Sh220.

Malapa jozi 20 kwa Sh100 ni Sh2,000. Utauza Sh150.

Mzigo wote ni Sh24,890. Ukijumlisha na gharama, umetumia Sh30,790. Umebaki na Sh9,210, na hiyo usiguse. Tutairudia.

Ukiuza kila kitu hadi cha mwisho, mzigo huu unakupa Sh11,710 juu ya bei ya kununua. Ongeza majina: ukiandikia watu 25 kwa soo moja kila mtu, hiyo ni Sh2,500. Jumla Sh14,210. Toa Sh5,900 za kusimama, unabaki na Sh8,310. Si mbaya kwa siku 12.

Lakini hakuna mtu huuza hadi cha mwisho. Tuseme sanduku tatu hazijaenda. Akili ya haraka inasema umepoteza faida ya sanduku tatu, yaani Sh1,800. Angalia mfuko wako sasa. Doo ambayo haijaingia ni Sh2,300 mara tatu, yaani Sh6,900. Zile Sh8,310 ulizokuwa unahesabu zimebaki Sh1,410. Siku 12 za jua, vumbi na kelele za makanga, na umeenda nyumbani na Sh1,410 na sanduku tatu.

Linganisha na malapa. Jozi tatu zikibaki ni Sh450, na wiki ijayo mtu wa mtaani atazinunua tu, kwa sababu malapa hayana msimu. Hiyo ndiyo tofauti yenye wasee wengi hawaioni. Faida ya sanduku moja inakaa kubwa, Sh600 kwa mkupuo. Lakini imekaa juu ya Sh1,700 zinazoweza kukwama mwaka mzima. Faida ya kufuli ni Sh90 tu, lakini imekaa juu ya Sh110 ambazo zitarudi hata mwezi wa saba.

Sasa rudi kwa zile Sh9,210. Siku ya tano hivi unaona nini kinaenda. Safari ya pili unanunua tena kufuli 24, seti 20 na malapa 20. Ni Sh7,240, na nauli ya gunia tuseme Sh500. Zikiisha zinakupa faida ya Sh4,960, toa hiyo nauli unabaki na Sh4,460. Pesa karibu sawa na hizo zingekununulia sanduku nne, ambazo faida yake yote ni Sh2,400, kabla hata hujalipia gari la kuzibeba. Kwa hivyo sanduku ni ya kumvuta kastoma asimame. Vitu vidogo ndivyo vinakulisha.

Kununua sanduku bila kuuziwa hewa

Kamukunji jua kali ndiko sanduku nyingi za Nairobi hugongwa. Enda mapema, Novemba au mwanzo wa Desemba, kabla wote hawajafika. Wakati huo fundi ana muda wa kukusikiliza. Unaweza kumwambia, "Kiongozi, nalipia tano leo, nibebe nane, hizi tatu zisipoenda nakurudishia zikiwa safi." Wengine watakubali, haswa ukirudi mwaka wa pili. Wiki ya kuripoti usijaribu hiyo lugha, kwa sababu fundi ana foleni nyuma yako.

Mabati hupimwa kwa geji, na hapa watu huchanganyikiwa: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 32. Fundi akikuambia "hii ni 32, ni ya juu", ujue ni namba pekee ndiyo iko juu.

Huna haja ya kifaa cha kupima. Bonyeza katikati ya kifuniko na kidole gumba. Kikiingia ndani kirahisi na kulia "tak" kama mkebe wa biskuti, mtoto mmoja akikalia hiyo sanduku kwa bweni imekwisha. Pitisha kidole polepole kwa kingo uone kama zimekunjwa, kwa sababu kingo isiyokunjwa hukata. Inua sanduku kwa mkono mmoja wa kushikia huku kuna kitu kizito ndani. Funga kifuniko uangalie kama kinakaa sawa pembe zote nne.

Halafu jaribu kufuli. Hii wengi husahau kabisa. Tundu la komeo likiwa dogo na chuma cha kufuli kikiwa nene, haviingiani, na mzazi atarudi na hasira saa ambayo una watu wanane mbele yako. Beba kufuli moja ya aina utakayouza ujaribu kwa kila sanduku.

Ukiwa hapo kwa kufuli, fanya jaribio lingine. Chukua funguo ya kufuli moja ujaribu kufungua nyingine za katoni hiyo hiyo. Kufuli za bei ya chini huwa na aina chache za funguo, na unaweza kupata mbili zinafunguana. Ukiuzia watoto wawili wa bweni moja kufuli pacha, umewauzia ugomvi. Zikifunguana, chagua aina nyingine.

Kwa usafiri, nunua saizi mbili zinazoingiana, ndogo ndani ya kubwa, na ujaze sahani na malapa kwa zile za ndani. Gari hutoza nafasi kuliko uzito. Weka katoni katikati ya sanduku na sanduku, kwa sababu rangi mpya ikikwaruzwa mzazi anaomba apunguziwe mia tatu, na atakuwa na haki.

Godoro wacha kwanza

Godoro inauzika, hakuna ubishi. Lakini godoro tano zinajaza veranda yako yote, mvua ya dakika kumi inaziharibu, na usiku zinataka stoo. Kama jirani yako anauza godoro, ongea naye. Mtumie kastoma wako akupe kakitu, na yeye akutumie wanaotafuta sanduku. Usishindane naye kwa mtaji wa Sh40,000.

Soo moja ya kuandika jina

Kazi hii ina mtaji mdogo kuliko zote na haiachi stoki. Hata kama huna Sh40,000, unaweza kuifanya pekee yake kando ya mtu anayeuza sanduku.

Unahitaji rangi nyeupe ya mafuta mkebe mdogo, brashi nyembamba, tina, kitambaa, na herufi zilizokatwa kwa karatasi ngumu au filamu ya eksirei kuukuu. Filamu ni bora kwa sababu rangi haiilowanishi na unaipangusa utumie tena.

Ngori ya kwanza ni kukauka. Rangi ya mafuta huchukua masaa kadhaa, na mzazi ana gari ya saa nane. Paka nyembamba sana, weka juani, na mwambie apitie kwanza kununua vitu vingine ndipo arudi. Anayesafiri papo hapo, mwandikie na kalamu ya rangi ya kuandikia chuma, ambayo hukauka kwa dakika chache. Usimpakie sanduku mbichi juu ya keria ya matatu, kwa sababu vumbi la steji litashika jina lote.

Ngori ya pili ni tahajia. Mpe mzazi karatasi aandike mwenyewe jina na namba ya usajili kwa herufi kubwa, halafu umsomee kwa sauti. Ukikosea, tina inafuta rangi mbichi, lakini inaweza kufuta na rangi ya sanduku pia. Andika juu ya kifuniko, mbele, na mara moja ndani ya kifuniko. Mwizi wa bweni hupaka rangi juu ya jina la nje. La ndani mara nyingi halioni.

Siku zenyewe

Usitarajie mauzo yafanane kila siku. Siku za mwanzo watu huuliza bei na kuenda. Usipunguze bei kwa hofu. Wikendi ya mwisho kabla ya kuripoti ndiyo inabeba msimu, kwa hivyo uwe na mtu wa pili, mmoja aandike majina na mwingine auze. Asubuhi ya kuripoti, wateja ni wale waliosahau kitu: kijiko, kufuli, kiwi. Vipange mbele kabisa, vionekane kutoka kwa dirisha la gari.

Wikendi hiyo ndiyo pia ya jumbe feki za M-Pesa. Mtu anakuonyesha simu yake, imeandikwa umelipwa, na watu wanasukumana. Usiangalie simu yake. Angalia yako, na uone salio limepanda kabla sanduku iondoke.

Na veranda: kubaliana na mwenye duka kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, siku ngapi na bei gani. Wengine huona watu wamejaa siku ya nne na kupandisha kodi. Pitia pia ofisi ya soko ujue ada ya siku. Kwa biashara ya mwaka mzima, kanjo akibeba mzigo wako siku moja ni hasara. Kwa biashara ya siku 12, akibeba Jumamosi ya mwisho, huna msimu.

Siku ya kushusha bei

Kuna wanaochelewa. Januari ni ngumu, karo haijatimia, na watoto wengine huripoti wiki moja au mbili baadaye. Kwa hivyo usifunge siku ya kuripoti. Lakini hao wanahesabu kila shilingi, na hawatalipa Sh2,300.

Chagua siku ya kushusha bei kabla msimu haujaanza, ukiwa bado na akili tulivu. Mfano: siku tatu baada ya kuripoti, sanduku yoyote iliyobaki inauzwa Sh1,700, bei uliyonunulia. Zile tatu zetu zikienda hivyo, Sh5,100 zinarudi mfukoni. Zikigoma bado, tembelea gereji na mafundi wa mbao na mabomba. Sanduku ya mabati yenye kufuli inaweka spana vizuri tu, na fundi hajali kalenda ya shule.

Kushikilia Sh2,300 kwa sababu "Jumamosi zilikuwa zinaenda hiyo bei" ndiko kunaacha watu na mabati chini ya kitanda hadi Januari nyingine. Jumamosi ilikuwa Jumamosi. Leo mzazi wako ni yule aliyechelewa, na Sh1,700 yake inanunua kufuli 15 za muhula ujao.